Fundi, Niharibie Saa

Juu ya meza ya Saidi palikuwa na bisibisi sita, kibano, kikopo cha petroli na kijisanduku cha betri. Lori likipita karibu, alivifunika vyote kwa viganja, maana skrubu ya saa ikishaingia vumbini, ndiyo imetoka hiyo.

Mzee mmoja akafungua leso na kumpa saa ya mkono ya zamani, ya kutia ufunguo. Saidi akaiweka sikioni. Ilikuwa ikilia sawasawa, mapigo matano kwa sekunde.

"Hii haina ugonjwa, mzee."

"Najua. Nataka uiharibu."

Saidi akacheka. Mzee hakucheka.

"Iendelee kulia, lakini mishale isisogee. Niwekee saa kumi kamili."

Wateja wa kumsingizia kwamba kaharibu saa zao walikuwa tele. Wa kuomba yake iharibiwe, huyu ndiye wa kwanza.

Ubaya ni kwamba jambo lenyewe liliwezekana. Mshale wa dakika hukaa juu ya kijibomba kinachobana mhimili wa katikati. Kikilegea, mashine huzunguka peke yake, mishale ikabaki palepale. Saidi alishatibu saa nyingi zenye kilema hicho, lakini kuitia saa isiyo na ugonjwa kilema hicho kwa makusudi, vidole vilisita. Akawaza wizi. Akawaza dau. Akawaza mtu anayetaka kumdanganya bosi wake.

"Kuna mtu alifariki saa kumi, mzee?"

"Hapana."

Akavaa lenzi jichoni, akafungua, akalegeza. Mzee akaisikiliza ile saa huku amefumba macho.

"Ilikuwa ya baba," akasema hatimaye. "Siku hizi anakaa nayo mama. Kumbukumbu zimemtoka, ila hajasahau kwamba baba hurudi kazini saa kumi na moja. Ikifika, anakwenda kusimama mlangoni, na hapo ndipo kilio kinapoanza. Juzi niliisimamisha. Akaiweka sikioni, akasema imekufa. Siku hiyo hatukulala."

Saidi akafuta kioo, ingawa kilikuwa safi.

"Itahitaji ufunguo kila siku."

"Huitia mwenyewe, asubuhi."

Mzee akaenda zake. Miezi ikapita, wakaja wa betri, wa mikanda, wa saa zilizoingia maji. Kisha jioni moja ile leso ikawekwa tena mezani.

"Irudishe ilivyokuwa, fundi."

Saidi hakuuliza. Alikibana kile kijibomba kwa koleo, kidogo kidogo, kwa kuwa ukikizidishia kinapasuka. Akaisogeza mishale ifuate saa yake mwenyewe: saa kumi na dakika hamsini.

"Tayari, mzee."

Mzee akalipa, lakini hakuondoka. Alivuta benchi, akaketi, akaiweka saa juu ya goti. Saidi akaweka bisibisi chini, wakaitazama wote wawili.