Ratiba ya Kuingiza na Kuandaa Vifaa Ukumbini: Harusi ya Jumamosi, 14 Novemba 2026

Kwa watoa huduma wote,

Ratiba hii inafuta ile niliyowatumia wiki iliyopita. Yaliyobadilika ni mawili: maua sasa yanakuja saa 5:30 asubuhi badala ya 4:30, na keki inaingia bendi ikishamaliza kujaribu vyombo. Kama ile ya zamani bado iko kwenye simu yako, au kwenye simu ya dereva wako, ifute leo.

Saa zote ni za Kiswahili. Nalazimika kuliandika hili kwa sababu kuna siku lori la viti lililotakiwa saa 7 mchana lilikuja saa 1 asubuhi: aliyelituma alisoma 7 ya simu. Dereva alilala getini saa sita nzima, na sisi tukashindwa kupitisha jukwaa.

Tunategemea wageni 320, kwa meza 40 za watu wanane wanane. Milango inafunguliwa saa 12:00 jioni. Maharusi wanaingia saa 1:30 usiku.

IJUMAA, 13 NOVEMBA

| Huduma | Muda wa kufika | Mwisho wa kuandaa |
|---|---|---|
| Jenereta | 8:00–8:30 mchana | 10:00 jioni |
| Jukwaa na trasi | 8:30–9:15 alasiri | 2:30 usiku |
| Taa | 10:30–11:00 jioni | 3:00 usiku |
| Mapazia ya dari na kuta | 11:15–11:45 jioni | 4:00 usiku |

Ukumbi unafungwa saa 4:30 usiku. Mlinzi hana ruhusa ya kuongeza muda, msimbembeleze.

JUMAMOSI, 14 NOVEMBA

| Huduma | Muda wa kufika | Mwisho wa kuandaa |
|---|---|---|
| Meza na viti | 12:30–1:15 asubuhi | 4:00 asubuhi |
| Spika na mikseri | 1:30–2:00 asubuhi | 5:00 asubuhi |
| Vifaa vya jikoni | 2:30–3:15 asubuhi | 7:00 mchana |
| Vitambaa na vyombo vya mezani | 4:00–4:30 asubuhi | 8:00 mchana |
| Maua | 5:30–6:00 mchana | 9:00 alasiri |
| Bendi | 7:00–7:30 mchana | 9:00 alasiri |
| Picha na video | 8:15–8:45 mchana | 9:30 alasiri |
| Keki | 9:15–9:30 alasiri | 10:00 jioni |
| Chakula kilichopikwa | 9:30–10:00 jioni | 11:30 jioni (jikoni tu) |

Saa 10:00 jioni kila mtu anatoka ukumbini. Usafi ni hadi 10:45, halafu napita mimi na fundi umeme kukagua. Saa 11:30 mlango wa mizigo unafungwa kwa kufuli.

"Muda wa kufika" maana yake gari lako liko mlangoni na linashushwa mzigo ndani ya muda huo. Kuwa njiani, au kuwa "hapo karibu tu", si kufika. "Mwisho wa kuandaa" maana yake kazi imekwisha, makasha matupu yametoka na sehemu yako imefagiwa.

Mlango na uwanja wa nyuma

Mlango wa mizigo ni mmoja, una upana wa mita 2.4 na urefu wa mita 2.6. Uwanja wa nyuma unabeba lori moja na pikapu moja, basi. Ndiyo maana anayewahi sana ananisumbua kuliko anayechelewa: aliyechelewa hayupo, ila aliyewahi amekaa kwenye nafasi ya mwenzake. Ukifika kabla ya muda wako, subiri barabarani mpaka nikuite. Ukishashusha, gari liende kwenye maegesho ya upande wa kushoto, halafu ndipo uanze kufungua mizigo.

Mlango wa mbele si wa mizigo, hata kama ni boksi moja, hata kama ni jepesi.

Ijumaa: kazi ya juu kwanza

Mpangilio wa Ijumaa una sababu, na naomba mafundi wa jukwaa, taa na mapazia muusome pamoja. Trasi inaungwa ikiwa chini, sakafu ikiwa tupu. Ikifika saa 10:30 iwe imekamilika na imeinuliwa hadi usawa wa kifua tu. Hapo watu wa taa wanafunga taa zao na kupitisha nyaya wakiwa wamesimama chini, bila ngazi. Wa mapazia nao wanafunga vitambaa vya dari kwenye vyuma hivyo hivyo. Saa 1:30 usiku winchi zinapandisha vyote kwa pamoja, na wakati huo hakuna mtu anayepita chini. Fundi mkuu wa jukwaa ndiye anayetoa amri, na amri ni ya mtu mmoja.

Ikishapanda, haishuki tena. Meza zikiingia Jumamosi asubuhi hakuna pa kusimamisha ngazi ndefu, kwa hiyo taa iliyosahaulika Ijumaa itabaki imesahaulika.

Mapazia: vitambaa viwe vimetiwa dawa ya kuzuia moto, na mje na cheti chake. Kitambaa kikae angalau nusu mita kutoka kwenye taa yoyote inayopata joto. Msifunike vibao vya mlango wa dharura. Najua vinaharibu picha, lakini vitaonekana.

Umeme

Jukwaa, taa na sauti vinatumia jenereta. Njia ya fezi tatu ya ampea 63 iko nyuma ya jukwaa, upande wa kulia. Jikoni kuna umeme wa ukumbi, njia moja ya ampea 32. Mpishi, tafadhali piga hesabu nami: birika kubwa la maji la kilowati 3, kwa volti 230, linakula ampea 13 hivi. Mawili ni 26. La tatu likiwashwa ni 39, swichi inaanguka, na majokofu yanazima pamoja nayo. Kwa hiyo birika ni mawili kwa wakati mmoja. Vya kupashia chakula vitumie gesi, na mitungi ikae nje ya ukuta, si ndani.

Pasi za mvuke za kunyooshea vitambaa vya meza zichomekwe kwenye soketi za ukuta wa mashariki peke yake. Ukichomeka kwenye soketi ya jukwaani kwa sababu iko karibu, fundi sauti atasikia mlio kwenye spika na atapoteza nusu saa akiutafuta.

Nyaya zinazokatiza njia zifunikwe kwa mikeka ya mpira. Gundi ya karatasi haitoshi, visigino vinaipasua.

Mashine ya moshi: watu wa taa mmesema mnayo. Isiwashwe, hata kwa kujaribu, kabla fundi wa ukumbi hajaniambia kuwa vigunduzi vya moshi vya eneo la jukwaa vimeshughulikiwa. Kengele ikilia, ukumbi mzima unatoka nje, na maharusi nao.

Jumamosi: mambo machache ya kushika

Meza zina kipenyo cha mita 1.5. Nitakuwa nimeweka alama za chaki sakafuni kabla ya saa 12:30, kila alama katikati ya meza. Fuateni alama, msikadirie kwa macho. Njia kuu kutoka mlangoni hadi jukwaani ni mita 2, na njia za kwenda milango ya dharura ni mita 1.2 bila kitu, hata kiti cha mtoto. Ikionekana hakuna nafasi, niiteni. Msisogeze meza moja "kidogo tu", kwa sababu ya kumi itakuwa imeziba mlango.

Vitambaa vinakuja saa 4:00 kamili, pale meza zinapokuwa zimekamilika, kwa hiyo wa meza mkichelewa mnamchelewesha mwenzenu papo hapo. Anayeweka vyombo aanzie meza za mbali na mlango na kurudi nyuma, ili asipite tena na toroli pale alipokwisha kupanga.

Maua nimeyachelewesha makusudi. Hapo kwanza yangesimama ukumbini zaidi ya saa saba kabla ya wageni, na mlango wa mizigo ukiwa unafunguliwa kila mara, joto linaingia. Mtu wa maua, ndoo za maji ziko stoo ya nyuma; mwagieni huko, si ndani, zulia likilowa halikauki kabla ya jioni.

Kuanzia saa 8:00 hadi 9:00 bendi inajaribu vyombo. Saa hiyo hakuna kugonga nyundo, kuburuta viti wala kufungua selotepu. Wa maua mnaweza kuendelea, kazi yenu haina kelele. Didjei, nawe jaribu ndani ya saa hiyo hiyo, dakika 15 za mwisho.

Keki ilikuwa iingie saa 8:00. Mwenye keki mwenyewe ndiye aliyenistua: ni ya ngazi tano, inaungwa hapa hapa, na spika za besi ziko mita nne kutoka meza yake. Besi ikipigwa, meza inatetemeka. Basi itaingia 9:15, muziki ukiwa umezimwa. Viyoyozi vitakuwa vimewashwa tangu saa 8:00. Meza ya keki isiguswe na mtu mwingine kuanzia hapo, hata kurekebisha kitambaa. Mpiga picha, picha za keki na ukumbi mtupu utapata kati ya 10:45 na 11:15, nitakufungulia mwenyewe.

Ukichelewa

Nipigie mara tu unapojua, si baada ya kufika. Ukikosa muda wako, unangoja nafasi iliyo wazi inayofuata. Aliye mlangoni hasogezwi. Nafasi za Jumamosi ni hizi: 2:00–2:30, 3:15–4:00, 4:30–5:30, 6:00–7:00 na 7:30–8:15. Baada ya 8:45 mlango ni wa keki na chakula tu. Mwisho wako wa kuandaa haubadiliki kwa sababu umechelewa, ongeza watu.

Kutoa vifaa

Hakuna anayefungua hata skrubu moja wageni wakiwa ukumbini. Sherehe inaisha saa 6:00 usiku, na mlango wa mizigo unafunguliwa 6:30. Kwanza wanatoka jikoni, kisha bendi na sauti, kisha vyombo na vitambaa. Meza na viti Jumapili saa 1:00 asubuhi, mapazia, taa na trasi saa 2:30, jukwaa saa 4:00. Jenereta inaondoka mwisho, saa 5:30, kwa kuwa taa za kazi zinaitegemea.

Kila mmoja anijibu kabla ya Jumatano, tarehe 11, saa 10:00 jioni: namba ya gari, idadi ya watu, na jina la mmoja atakayekuwa na simu iliyowashwa. Gari ambalo namba yake haiko kwenye orodha ya getini halitapita.

Meneja wa ukumbi