Swali la Dawa: Furosemaidi, Potasiamu na Mizani ya Bi. Zuhura

Soma maelezo ya mgonjwa, kisha jibu sehemu (a), (b) na (c). Majibu na ufafanuzi viko chini. Jibu kwanza ndipo usome.

Maelezo ya mgonjwa

Bi. Zuhura, miaka 64, ni muuza vitumbua wa Pangani. Moyo wake umeshindwa kufanya kazi ipasavyo kutokana na shinikizo la damu la muda mrefu. Alilazwa siku sita zilizopita, miguu imevimba hadi magotini, halali bila kuegemea mito mitatu, uzito kilo 71.5. Amekuwa akipata furosemaidi 40 mg mara mbili kwa siku, kwanza kwa mshipa na sasa kwa vidonge, pamoja na digoksini 0.25 mg kila asubuhi.

Jana alikuwa na kilo 67.2. Leo saa 12 asubuhi ana 65.8. Saa 2, nesi anapofika na trei ya dawa, Bi. Zuhura anamwambia: "Mwanangu, uvimbe umeisha lakini miguu haina nguvu. Chai imenishinda, kichefuchefu tangu jana. Na hiyo taa naiona ya njano."

Shinikizo la damu ni 104/62 akiwa amelala, 88/54 akisimama. Mapigo ya moyo ni 52 kwa dakika na yanaruka. Mapafu ni safi. Majibu ya maabara ya alfajiri: potasiamu 2.8 mmol/L, sodiamu 133 mmol/L.

(a) Nesi afanye nini kwanza?

A. Ampe furosemaidi na digoksini kama zilivyoandikwa, kwa kuwa uvimbe umepungua na tiba inafanya kazi.
B. Ampe furosemaidi, asimamishe digoksini pekee kwa sababu mapigo yako chini ya 60.
C. Asitoe dawa zote mbili, ampime umeme wa moyo, na amwite daktari mara moja.
D. Amchome kloridi ya potasiamu moja kwa moja kwenye mshipa ili potasiamu ipande haraka.

(b) Siku tatu baadaye potasiamu ni 4.2. Anaruhusiwa kwenda nyumbani na furosemaidi 40 mg asubuhi, enalaprili na spironolaktoni, digoksini imeondolewa. Kauli ipi inaonyesha bado anahitaji kuelimishwa?

A. "Nitajipima asubuhi nikishakojoa, kabla ya kunywa chai."
B. "Nikiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu nitakuja kliniki, hata kama sijisikii vibaya."
C. "Nikiumwa magoti sitanunua diklofenaki dukani bila kuuliza."
D. "Nitakunywa madafu kila siku na kula ndizi kwa wingi, potasiamu isishuke tena."

(c) Kwa maneno ambayo Bi. Zuhura ataelewa, andika utakavyomfundisha kuhusu mizani. (Alama 6)

Majibu na ufafanuzi

(a) Jibu ni C. Furosemaidi hufanya kazi kwenye sehemu nene ya kitanzi cha Henle inayopanda. Huko huzuia mlango unaorudisha sodiamu, potasiamu na kloridi kwenye damu. Sodiamu iliyokosa kurudi huteremka hadi mwisho wa mrija wa figo, na huko figo, ikisukumwa na aldosteroni, huokoa sehemu yake kwa kutoa potasiamu. Maji yanatoka na potasiamu inayafuata, magnesiamu pia. Kiwango cha kawaida cha potasiamu ni takriban 3.5 hadi 5.0, hivyo 2.8 haihitaji kubishaniwa.

Kinachofanya asubuhi hii iwe ya hatari ni digoksini. Dawa hiyo hugombea nafasi na potasiamu kwenye pampu ya seli za moyo. Potasiamu ikipungua, digoksini hupata nafasi nyingi zaidi, na dozi ile ile aliyoizoea inaanza kumdhuru. Kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kuona njano, mapigo ya polepole yanayoruka: mgonjwa amekutajia karibu orodha nzima ya vitabuni kabla hujafungua faili. Wanafunzi wengi huiacha "taa ya njano" kwa kuwa imesemwa na mgonjwa, haikuandikwa na maabara.

B inavutia, na ndiyo mtego. Aliyeichagua anakumbuka kanuni ya mapigo 60 lakini hajaangalia mizani. Kilo moja iliyopotea kwa haraka hivi ni kama lita moja ya maji. Bi. Zuhura amepoteza kilo 1.4 kwa siku moja, wakati lengo la kawaida ni nusu kilo hadi kilo moja, na shinikizo linaanguka akisimama. Hana tena maji ya ziada ya kutolewa. Kidonge kingine cha furosemaidi kitamkausha na kuchukua potasiamu iliyobaki. A inaangukia hapo hapo.

D inaua. Kloridi ya potasiamu haichomwi moja kwa moja kwenye mshipa, kamwe. Huchanganywa kwenye dripu na kupitishwa polepole. Kwa mshipa wa mkononi wodini, kwa kawaida si zaidi ya 10 mmol kwa saa, moyo ukifuatiliwa. Kwenye kipimo cha umeme wa moyo tazamia wimbi T lililolala na wimbi U linalojitokeza. Mkumbushe daktari kuhusu magnesiamu, maana ikiwa chini potasiamu hukataa kupanda.

(b) Jibu ni D. Hapa ndipo wanafunzi hulalamika kwamba swali si la haki: "Mwalimu, si ulisema furosemaidi ni ndizi?" Nilisema hivyo kwa mgonjwa wa furosemaidi peke yake. Sasa kuna enalaprili na spironolaktoni, na zote mbili huzuia potasiamu isitoke. Ukiongeza madafu ya kila siku inaweza kupanda kupita kiasi, na potasiamu ya juu nayo husimamisha moyo. Ale chakula chake cha kawaida, na ndizi moja haina neno, lakini asijitibu kwa chakula. Aepuke pia chumvi mbadala, maana nyingi ni kloridi ya potasiamu. Arudi kupimwa damu ndani ya wiki moja hadi mbili. Diklofenaki kwenye C ni kweli: dawa za aina hiyo hushikilia chumvi na maji na kuumiza figo.

(c) Mfano wa jibu la alama zote

"Mama, uzito wako bila maji ya ziada ni kilo 66 na nusu. Nimeuandika kwenye daftari hili. Kila asubuhi ukishakojoa, kabla ya kula, panda mizani ile ile, na nguo nyepesi zile zile, bila viatu, kisha andika. Ukiona imepanda zaidi ya kilo moja kwa siku moja, au kilo mbili kwa siku tatu, hayo si mafuta ya vitumbua, ni maji. Usisubiri miguu ivimbe. Njoo, au mwanao apige simu. Ikishuka chini ya 65 na unasikia kizunguzungu, au unatapika na kuharisha, tupigie kabla ya kumeza kidonge kinachofuata. Kidonge cha maji meza asubuhi, usije ukashinda usiku chooni. Siku ya kwenda mnadani usikiruke. Kimeze ukirudi, mradi isipite saa 8 mchana. Ukiamka, kaa kwanza kitandani ndipo usimame. Mizani huna? Basi zahanati ya jirani, ile ile kila siku. Haya, nieleze wewe sasa: kesho asubuhi utafanya nini?"

Kutoa: alama 1 kwa muda na hali ya kujipima, 1 kwa mizani na nguo zile zile, 1 kwa kuandika, 2 kwa viwango vya kuripoti (kupanda na kushuka), 1 kwa kumtaka mgonjwa aeleze mwenyewe. Jibu lililoandika "mgonjwa apewe elimu ya afya" na kuishia hapo lipate sifuri.