Jibu la Swali la 2: Kutafuta x katika Na₂CO₃·xH₂O

Swali linataka x, yaani idadi ya moli za maji kwa kila moli moja ya sodiamu kaboneti katika fuwele zake. Mtahiniwa aliyeyusha gramu 3.50 za fuwele za sodiamu kaboneti katika maji, akapata mmumunyo wa sm³ 250. Kila mara alichukua sm³ 25 kwa pipeti, akatia matone mawili ya methili chungwa, kisha akadondoshea asidi hidrokloriki ya 0.100 M kutoka kwenye bureti. Jedwali la mtihani linasomeka hivi:

| Usomaji (sm³) | Majaribio | 1 | 2 | 3 |
|---|---|---|---|---|
| Wa mwisho | 25.10 | 24.50 | 24.90 | 25.70 |
| Wa mwanzo | 0.00 | 0.00 | 0.50 | 1.20 |
| Ujazo uliotumika | 25.10 | 24.50 | 24.40 | 24.50 |

Safu ya majaribio haiingii katika wastani, kwa kuwa hapo asidi humiminwa haraka ili kujua tu rangi itabadilika karibu na wapi. Wanafunzi wengi hujumlisha safu zote nne, wakapata 24.63, na kosa hilo likawafuata hadi mstari wa mwisho. Wastani unaofaa ni:

(24.50 + 24.40 + 24.50) ÷ 3 = sm³ 24.47

Moli za asidi ni 0.100 × 24.47 ÷ 1000 = 0.002447. Sasa mlinganyo:

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂

Moli moja ya kaboneti hutumia moli mbili za asidi, kwa hiyo katika sm³ 25 zilizopimwa kwa pipeti mna moli 0.002447 ÷ 2 = 0.0012235 za kaboneti. Uwiano huu wa moja kwa mbili unatimia kwa sababu kiashiria ni methili chungwa, kinachogeuka kutoka manjano kuwa rangi ya chungwa pale kaboneti yote inapokwisha. Fenoftalini ingepoteza rangi yake mapema, kaboneti ikiwa imefika hatua ya haidrojeni kaboneti tu, na ujazo wa asidi ungekuwa takribani nusu ya huu.

Ukolezi wa kaboneti ni 0.0012235 × 1000 ÷ 25 = 0.0489 M, na kwa kuwa mmumunyo wote ni sm³ 250, yaani mara kumi ya kilichopimwa, moli zote za kaboneti ni 0.012235.

Uzito wa moli moja ya Na₂CO₃ ni (2 × 23) + 12 + (3 × 16) = gramu 106, hivyo kaboneti isiyo na maji ni 0.012235 × 106 = gramu 1.297. Kilichobaki katika fuwele ni maji:

3.50 − 1.297 = gramu 2.203

2.203 ÷ 18 = moli 0.1224

x = 0.1224 ÷ 0.012235 = 10.0

Fomula ya fuwele ni Na₂CO₃·10H₂O. Thamani ya x huandikwa kuwa namba kamili, lakini tarakimu za katikati zisikatwe mapema: atakayeandika moli za kaboneti kuwa 0.012 atapata x karibu na 10.3.