Kuna kitu chini ya kanga ya njano

Jumamosi, saa 2 usiku

Habari za jioni wapendwa. Mnatujua kwa mito na mapazia, hapa Mbagala Rangi Tatu ndo kazi yetu. Ila tangu Januari kuna kitu kingine tunashona kule chumba cha nyuma na mteja akiingia tunakifunika kanga. Mlioiona ile kanga ya njano juu ya kitu cha mviringo mkaniuliza "dada hiki nini" nikawaambia subirini, basi Jumamosi ijayo saa 4 asubuhi naifunua.

Sio mto. Sio pazia.

Jumapili, saa 10 jioni

Inboksi imejaa, asanteni sana. Haya, dokezo: kinakaa jikoni. Hakina waya, hakina betri, hakitaki mkaa wala kuni wala gesi. Na walioandika jiko la jua, hapana, mvua ikinyesha kinafanya kazi, usiku wa manane kinafanya kazi.

Ila mlishike hili tangu leo: sio jiko. Jiko lako bado utalihitaji kila siku, usije ukaligawa.

Jumatatu, saa 12:35 asubuhi

Fungueni hii video muweke sauti mpaka mwisho. Mnasikia nini? Jogoo wa jirani na bodaboda inapita, basi. Hakuna kinachotokota, hakuna kinacholia. Na humo chini ya kanga kuna sufuria ya lita 5, maharage, niliyaloweka jana usiku, asubuhi hii yamechemka kwa nguvu dakika 15 na saa 12:20 nikazima gesi. Sasa natoka naenda dukani, nyumbani simwachi mtu.

Jumatatu, saa 7 mchana

Nimerudi. Hiyo ndo sufuria, nimefungua mbele ya kamera sijakata kipande chochote. Mnaona mvuke unavyotoka? Kipimajoto kimesoma nyuzi 71. Angalieni nalibonyeza harage kwa vidole viwili, limepasuka laini kabisa na ganda limebaki. Maji hayajapungua karibu kitu, kwahiyo asubuhi ukiweka mengi kama ulivyozoea utapata mchuzi mwepesi, mimi mara ya kwanza niliweka mengi.

Sasa naunga nazi. Jiko nawasha tena, dakika chache tu.

Jumanne, saa 3 usiku

Leo nawaonyesha kilichomo ndani, maana wengi mmeuliza kama ni dawa au ni kemikali gani.

Ni sufi. Ile ile ya mito ya bibi, inayotoka kwenye msufi, ganda likipasuka inapeperuka uwanja mzima. Tumeichambua kwa mkono, mbegu zote nje, mafundi wawili wamekaa na vitambaa puani siku nne. Ukiishika unaona kama hujashika kitu, na sababu ni kwamba kila unyuzi wa sufi una uwazi katikati, umejaa hewa. Ndo maana zamani walikuwa wanaijaza kwenye maboya ya kuokolea watu baharini, inaelea. Na hewa iliyotulia hivyo joto linapita kwa shida sana. Godoro la sufi usiku wa Juni kwenye baridi ya Lushoto mtu anaelewa bila kuelezwa.

Kwahiyo hatujagundua kitu kipya duniani, naomba nisisifiwe kwa hilo. Tulichofanya ni kushona kwa namna ambayo haiachi upenyo, na hapo ndo miezi yote imeishia. Cha kwanza kilivuja joto kwenye mshono wa juu. Cha pili mfuniko ulikuwa mwembamba. Hiki mnachokiona ni cha saba.

Jumatano, saa 1 usiku

Huu ujumbe ni mrefu ila tafadhali usomeni wote, ni bora nikose mteja leo kuliko anilaumu mwezi ujao.

Hakikaangi. Chapati, maandazi, samaki wa kukaanga, hapana. Ugali hapana, ugali unataka mkono na moto. Hakichemshi kitu ambacho hakijachemka, ukiweka cha uvuguvugu utatoa cha uvuguvugu.

Makongoro nimejaribu mara tatu, hayaivi kwa mkupuo mmoja, lazima uyatoe uyachemshe tena katikati. Makande yanaiva lakini yanataka usiku mzima.

Maharage, hasa mekundu, lazima yachemke kwa nguvu motoni angalau dakika 10 kabla, hapo hakuna mjadala, yana sumu ya asili ambayo joto la taratibu haliiondoi. Na chakula chochote kikikaa mpaka kikapoa chini ya nyuzi 60, chemsha tena kabla hujala, watoto ndo kabisa.

Mmeniuliza gesi itakaa muda gani. Siwezi kukwambia mtungi wako utafika miezi mingapi maana sijui unapika nini na mko wangapi. Ninachojua ni cha kwangu: maharage yalikuwa yanakaa motoni saa moja na nusu, sahivi dakika 15 na zile za kuunga.

Alhamisi, saa 6 mchana

Tuliwapa majirani watano wakitumie wiki tatu. Wanne hawataki kurudisha. Wa tano amerudisha, na alikuwa sahihi: anaishi na mume wake tu, anapika sufuria ndogo, na chakula kidogo kinapoa haraka, saa mbili tu kimeshapoa. Kwahiyo kama mko wawili nyumbani, hiki cha sasa sio chenu. Kidogo tutashona baadaye, kikifaulu nitawaambia, kisipofaulu nitawaambia pia.

Mama wa watoto wanne, mamantilie mwenye sufuria ya lita 5 kwenda juu, wewe ndo tulikuwa tunakuwaza.

Ijumaa, saa 2 usiku

Kesho. Vipo 32, bei shilingi 45,000, hakuna bei ya ofa wala bei ya leo tu. Vikiisha tunashona vingine, kama wiki mbili hivi, bei ileile, kwahiyo usikope kwa ajili ya kuwahi. Mfuko wa nje unatoka na unafulika, sufi yenyewe usiiloweke maji, inataka jua tu.

Njoo na sufuria yako tuipime kabla hujalipa, isipokaa vizuri usinunue.

Jumamosi, saa 4 kamili asubuhi

Kanga imetoka!

Ni kapu. Kapu la ukindu, ndani mto wa sufi umeshonwa umbo la sufuria na juu mto mwingine kama mfuniko, kitenge chake unachagua. Chakula kikishachemka, moto unaoendelea kuuwasha kazi yake kubwa ni kurudisha joto linalotoroka pembeni na juu. Hapa halitoroki, basi kinamalizia kuiva chenyewe na wewe uko kwenye shughuli zako.

Nipo mlangoni. Ndani kuna wali wa nazi ulioingia kapuni saa 2:30, sijaufungua bado, nawasubiri nyie. Sahani zipo, njooni muonje.