Masharti ya kununua na kuuza kwenye soko letu: hela ikikwama au mtu akitapeliwa, nani analipa

Haya ndo makubaliano kati yetu sisi wenye soko hili la mtandaoni (ofisi iko Kariakoo, Dar es Salaam), wewe unayenunua, na wewe unayeuza. Ukiweka oda au ukipandisha bidhaa, umeyakubali. Tumeyaandika kwa lugha ya kila siku makusudi kabisa. Masharti tuliyoanza nayo yalikuwa ya kisheria sana, halafu kuna mteja wa Tunduma hela yake ya simu, 285,000, ikakwama siku 9, sisi tunamwambia aongee na mtandao, mtandao unamwambia aongee na sisi, muuzaji anasema hajaona kitu, na hakuna mstari hata mmoja ulioonyesha nani anatakiwa kumlipa. Ilituuma, na tulimlipa. Sasa tumeandika wazi.

Kanuni inayobeba masharti yote ni moja: hasara ni ya yule ambaye hela au mzigo ulikuwa mikononi mwake pale ulipopotea, labda iwe mwingine ndo kasababisha.

1. Hela inapita wapi

Sisi sio benki wala mtandao wa simu. Unalipa kwa M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa, kwa Lipa Namba inayotokea kwenye ukurasa wa oda yako na sio namba nyingine yoyote. Hela ikishatufikia inakaa kwenye akaunti ya benki ya peke yake, hatuichanganyi na hela ya mishahara wala ya pango. Muuzaji anaona neno "Imeshikiliwa" lakini hawezi kuitoa mpaka mnunuzi abonyeze "Nimepokea", au zipite siku 3 tangu mzigo umfikie bila malalamiko.

Sisi tunakata 4% kwa muuzaji. Makato ya mtandao wakati wa kulipa ni ya mnunuzi, ila kama oda imeharibika kwa kosa letu au la muuzaji basi mnunuzi anarudishiwa hela yote pamoja na hayo makato, maana haiwezekani mtu apate usumbufu na bado aulipie.

2. Hela imekatwa lakini oda inasoma haijalipwa

Hii ndo inatokea mara nyingi, hasa mwisho wa mwezi mtandao ukielemewa. Usilipe tena. Subiri dakika 30, mara nyingi muamala unakuwa umekawia tu. Baada ya hapo bonyeza "Malalamiko" utuandikie namba ya muamala, ile yenye herufi na tarakimu iliyo kwenye meseji ya mtandao, pamoja na saa uliyolipa. Skrinishoti inasaidia ila peke yake haitoshi kwa sababu skrinishoti inatengenezwa na mtu yeyote mwenye simu.

Tukikuta hela iko kwenye akaunti yetu ila sistimu yetu haikuisoma, kosa ni letu. Tunaifufua oda ndani ya saa 24, na kama bidhaa imeshauzwa kwa mwingine tunarudisha hela yote siku hiyo hiyo. Tukikuta hela haijatufikia maana yake imekwama kwenye mtandao wako, na hapo wenye jukumu la kuirudisha ni wao. Lakini hatutakuacha uhangaike peke yako: tunakupa barua ya kuthibitisha kwamba hatujaipokea, na sisi wenyewe tunafungua malalamiko upande wetu. Ikipita siku 5 za kazi bado haijarudi na oda yako haikuzidi 100,000, tunakulipa sisi kwanza, halafu mtandao ukikurudishia unatuletea. Ikizidi 100,000 hatuwezi kutanguliza, tunasema ukweli, mtaji wetu haujafika huko.

Umelipa mara mbili? Ya pili inarudi yote kwenye namba ile ile iliyolipia, ndani ya saa 48. Hatutumi kwenye namba nyingine hata ukituomba vipi, kwa sababu matapeli wanapenda sana mlango huo.

Ukikosea Lipa Namba hela ikaenda kwa mfanyabiashara mwingine kabisa, hiyo ni juu yako. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako haraka kabla aliyeipata hajaitoa, kila dakika ina maana. Kabla ya kuweka namba ya siri simu inakuonyesha jina la unayemlipa. Lisome.

3. Muuzaji na meseji feki

Ndugu muuzaji, usitoe mzigo kwa kuonyeshwa meseji. Usitoe hata kama mteja amesimama dukani kwako analia kwamba gari linaondoka. Malipo ni pale tu ukurasa wako wa oda unaposoma "Imeshikiliwa". Ukitoa mzigo kabla ya hapo ukakuta meseji ilikuwa ya kutengeneza, hasara ni yako yote.

Ila ukurasa wetu ukisoma "Imeshikiliwa" ukatoa mzigo, halafu ikaonekana sistimu yetu ilisoma vibaya, au mnunuzi aliwahi kurivasi muamala baada ya wewe kutuma, sisi tunakulipa bei kamili tukitoa 4% yetu, na kumfuata mnunuzi ni kazi yetu. Neno hilo tumeliandika sisi, kwa hiyo tunasimama nalo.

4. Kulipa nje ya soko

Muuzaji akikwambia "tuma kwenye namba hii nikupunguzie 10,000", hiyo biashara haituhusu tena. Hela haikupita kwetu, hatuna cha kushikilia wala cha kurudisha. Tunachoweza ni kumfungia huyo muuzaji siku hiyo hiyo tukiona ushahidi, na kuwapa polisi taarifa zake wakizihitaji. Tunajua inaonekana kali, hasa ukiwa umebana hela na 10,000 ni nauli ya wiki, lakini wengi wanaolizwa wanalizwa kwa njia hii, kwa hiyo tunaomba kwa moyo wote: lipa ndani.

5. Namba ya siri, laini, na akaunti kuingiliwa

Hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza namba ya siri au zile tarakimu 6 za uthibitisho. Hakuna. Akikuuliza mtu anayesema ni wa kwetu, kata simu. Ukimpa mtu namba hizo akanunua kwa akaunti yako, hasara ni yako mpaka dakika ulipotuarifu. Kuanzia dakika hiyo tunafunga akaunti, na chochote kikitoka baada ya hapo tunalipa sisi. Na kama hela bado inasoma "Imeshikiliwa" tutaizuia hata kama kosa la kutoa namba lilikuwa lako, hatuoni sababu ya kumwachia mwizi hela iliyo mkononi mwetu.

Ikiwa mtu mwingine amerinyu laini yako bila wewe kujua, hatutasema ni uzembe wako. Dalili ni simu kukosa mtandao ghafla wakati jirani zako wanao. Nenda kwenye duka la mtandao wako ukiwa na kitambulisho cha NIDA, na piga *106# kuangalia kama kuna namba usizozijua zimesajiliwa kwa jina lako. Ili kukukinga, akaunti ya muuzaji ikibadilisha namba ya kupokelea hela tunazuia malipo saa 48 na kuipigia namba ya zamani kwanza. Tusipofanya hivyo hela ikaenda kwa mwizi, tunalipa sisi.

Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zitume 15040, ni namba ya bure ya kuripoti matapeli kwa mitandao yote.

6. Mzigo njiani

Bodaboda wetu akibeba mzigo ukapotea, ukaibiwa au ukavunjika, tunalipa sisi bei ya bidhaa mpaka 1,500,000. Kitu cha bei zaidi ya hapo tuambie kabla ya kupakia, tutafute njia nyingine.

Wa mikoani unaotumwa kwa basi, muuzaji anabeba hasara mpaka apakie picha ya risiti ya basi inayosomeka, yenye jina la mpokeaji na maelezo ya mzigo. Baada ya hapo jukumu ni la kampuni ya basi, na sisi tunashikilia hela mpaka ijulikane mzigo uko wapi. Mzigo usipoonekana ndani ya siku 7 mnunuzi anarudishiwa hela yake, muuzaji anaidai kampuni ya basi kwa ile risiti. Tumemwekea muuzaji jukumu hili kwa sababu yeye ndo anachagua basi.

Ukifungua ukakuta tofali au simu ambayo sio uliyonunua, rekodi video unapofungua, onyesha lebo ya oda, tuma ndani ya siku 3. Bila video bado tutakusikiliza, ila tutamsikiliza na muuzaji na inaweza kuchukua siku 10.

7. Ambacho hatulipi

Hatulipi faida ambayo ungeipata wala mteja uliyemkosa kwa sababu mzigo ulichelewa. Hatulipi hasara iliyotokana na mtandao wa simu kuzima nchi nzima, zaidi ya kurudisha hela iliyo kwetu. Lakini kama sisi tumezembea, au mfanyakazi wetu ndo kaiba, hakuna kipengele humu kinachotukinga, na hakuna kinachokuondolea haki uliyopewa na sheria za Tanzania.

Ukileta malalamiko ya uongo, mfano umepokea mzigo ukasema hujapokea, tunafunga akaunti yako na kupeleka polisi. Utapeli wa kutumia kompyuta au simu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

8. Malalamiko

Anza na sisi. Unapata namba ya lalamiko papo hapo, jibu la mtu halisi ndani ya saa 24, uamuzi ndani ya siku 7 za kazi na sababu zake zimeandikwa. Kwa wizi na utapeli kachukue RB kituo chochote cha polisi, inatusaidia kudai taarifa kwa mitandao ya simu, ila kukosa RB hakutatufanya tukatae kukusikiliza. Kama tatizo ni la mtandao au benki na hawakujibu vizuri, Benki Kuu ina dawati la malalamiko. Usiporidhika na uamuzi wetu, mahakama ipo wazi na hatukuzuii kwenda.

Majina, namba na vitambulisho tunavyokusanya vinatunzwa kwa kufuata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Rekodi za oda zenye mgogoro hatuzifuti mpaka mgogoro uishe.

9. Kubadilisha masharti

Tukibadilisha chochote kuhusu nani analipa, tutakutumia meseji siku 30 kabla. Oda iliyowekwa kabla ya mabadiliko inafuata masharti ya siku ilipowekwa, hata kama mapya yanatupendelea sisi. Masharti haya yanaanza tarehe 1 Machi 2026, na yale malalamiko 14 ambayo bado yako wazi leo yataamuliwa kwa masharti haya pale yanapomfaa zaidi mteja kuliko ya zamani.