Kuhusu: Asante kwa tangi la maji

Bi Rukia, assalaam alaykum.

Naandika kukushukuru kwa tangi la lita 10,000 na gata ulizotugharimia mwezi wa Machi. Nilingoja kwanza masika yapite, nipate kukueleza yaliyotokea.

Utakumbuka siku uliyotutembelea ulivyoonja maji ya kisima chetu ukayatema. Kisauni hapa visima vingi ndivyo, chumvi tupu. Tunayatumia vyooni na kupigia deki. Maji ya uji tulikuwa tukinunua kwa wenye mikokoteni, mitungi kumi kwa siku, na maji yakiadimika mtaani mkokoteni haufiki shuleni kabisa. Hapo watoto wa chekechea hukaa na njaa mpaka saa sita. Nimepitia daftari la jikoni: muhula wa kwanza walikosa uji siku 9. Muhula wa pili hawakukosa hata siku moja.

Paa la madarasa yale manne ni kama mita 200 za mraba, kwa hiyo kila milimita ya mvua ingetupa lita 200 kama hakuna linalomwagika. Gredi ya 6 waliipiga hesabu hiyo ubaoni, na tangu hapo kila asubuhi wanaligonga tangi kwa vidole, kuanzia chini kwenda juu, wasikie maji yamefika wapi.

Yupo pia mtoto wa gredi ya 3 aliyekuwa akija na kidumu cha lita 5 kutoka kwao, mkono umeinama upande mmoja. Mwezi wa Mei alikuja mikono mitupu. Akaenda mferejini, akafungua, akafunga, akafungua tena. Kwa kawaida nakataza kuchezea maji. Siku hiyo nilimwachia.

Si yote yaliyokwenda sawa. Kiungo kimoja cha gata kilivuja wiki tatu kabla hatujakigundua, na mvua ya kwanza tulilazimika kuimwaga yote kwa sababu ya vumbi na mavi ya kunguru juu ya mabati. Sasa fundi ameweka bomba la kutolea maji ya mwanzo, kwa shilingi 1,850 zilizobaki kwenye pesa zako. Risiti zote nimeziambatisha. Mwisho wa Julai tangi lilikauka, tukanunua maji siku 11. Pesa zilizookolewa siku nyingine zilinunua unga wa wimbi, kwa makubaliano ya kamati ya wazazi.

Bi Rukia, wewe ulituuliza tunahitaji nini kabla hujatoa chochote, na ukasubiri jibu. Hilo limenigusa sana, na wazazi pia wamelitaja kikaoni.

Uji hutolewa saa nne kasorobo, Jumatatu hadi Ijumaa. Ukipata nafasi karibu, kikombe chako kipo.

Wako,
Mwalimu Mwanaisha
Msimamizi wa lishe na usafi