Picha za Tingatinga kutoka karakana yangu, Kijitonyama: picha zilizopo sasa na bei zake

Karibu. Picha zote hapa nimezichora mwenyewe, kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ile wanayopaka watu milango na baiskeli. Ndiyo rangi aliyoitumia Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, lakini ndugu na wanafunzi wake waliiendeleza kazi. Mimi nimefundishwa na mjomba wangu, naye alifundishwa na mmoja wao.

Jambo moja tuelewane kabla hujatazama bei. Kwenye Tingatinga, mchoro uliopendwa hurudiwa. Chui yuleyule utamkuta Mwenge, utamkuta Msasani, utamkuta na Unguja, na wala si wizi; ndivyo kazi hii ilivyofundishwa tangu mwanzo. Ila mnunuzi ana haki ya kujua anachukua nini. Kwa hiyo picha niliyoiandika Asili nimeichora mara moja, na sitairudia hata ukinibembeleza. Niliyoiandika Marudio imechorwa kwa mkono kama nyingine zote, lakini mtu mwingine anayo inayofanana nayo, na bei yake ni ndogo. Picha zilizochapwa kwa mashine siuzi.

Vipimo ni sentimita, upana kwanza kisha kimo. Bei ni shilingi za Tanzania, bila usafirishaji.

T-01. Feri, Kabla ya Jua
Asili. Kanvasi ya pamba, 120 × 90, mwaka 2024. Sh 1,450,000. Ipo.
Mnada wa samaki pale Feri, Kivukoni. Kushoto dalali amepandisha jodari begani kama mtoto mchanga. Katikati akina mama wa kukaanga wamebana ndoo zao miguuni, wanasubiri vibua vishuke bei. Nimehesabu nyuso nilipomaliza, nikaacha kuhesabu zilipopita 60. Hakuna mbili zinazofanana, na huo ndio ulikuwa ugumu wake, maana Tingatinga humpa mtu jicho, pua na mdomo kwa mistari michache tu. Bahari ya nyuma ina rangi tatu zilizochanganywa zikiwa bado mbichi, kutoka zambarau kwenda njano. Ukichelewa kidogo tu, rangi hukauka ngozi na mchanganyiko hugoma. Picha hii inataka ukuta mpana na mtu anayependa kusogea karibu.

T-02. Chui wa Mchana
Marudio. Hadibodi, 60 × 60, mwaka 2024. Sh 280,000. Wapo wawili.
Kipimo cha asili cha Tingatinga ni hiki, kipande cha mraba. Chui mmoja, mandhari ya machungwa, hakuna mti, hakuna ndege. Madoa nayapiga kwa brashi nyembamba: duara la nje siku ya kwanza, kiini siku ya pili. Wanunuzi wengi wa mara ya kwanza huanzia hapa.

T-03. Mbuyu wa Kiangazi
Asili. Kanvasi ya pamba, 70 × 140, mwaka 2023. Sh 980,000. Umeshikiliwa na mteja. Uliza kama umeachwa.
Mbuyu uliopukutika majani, na tembo watano wanaochuna gome lake. Kwenye matawi kuna hondohondo, kila mmoja anatazama upande wake kama majirani waliogombana. Nimeuchora mrefu makusudi, kwa ajili ya ukuta wa ngazi au kati ya madirisha mawili.

T-04. Taa, Bunju na Kasa
Asili, picha tatu. Hadibodi, kila moja 30 × 30, mwaka 2024. Sh 95,000 kwa moja, Sh 255,000 zote. Zipo zote.
Bunju amevimba. Watoto humchagua yeye daima.

T-05. Daladala ya Kwenda Posta
Asili. Hadibodi, 60 × 40, mwaka 2022. Imeuzwa.
Naiacha hapa kwa sababu watu bado wanaiulizia. Konda ananing'inia mlangoni, abiria mmoja ametoa kuku dirishani. Siirudii, nimeshasema. Lakini ukitaka picha mpya ya barabara yako, na mwendokasi likipita badala ya daladala, hiyo tunaweza kuizungumza kama kazi ya oda.

T-06. Kliniki ya Watoto
Asili. Kanvasi ya pamba, 100 × 75, mwaka 2024. Sh 1,100,000. Ipo.
Mizani ya kuning'iniza, foleni ya akina mama, kadi mkononi, na muuguzi mwenye sauti kubwa (utaisikia, mdomo nimeuchora umefunguka hasa). Kuna picha nyingi za wanyama kwenye fani yetu na chache za siku za kawaida za watu. Hizi ndizo ningependa kuzichora zaidi, na ningependa hii iende mahali inapoonekana na wengi: ukumbi, zahanati, ofisi. Taasisi ikiitaka, nitapokea malipo kwa awamu mbili.

Namna ya kuulizia picha

Bonyeza kitufe cha *Ulizia Picha Hii* chini ya picha unayoitaka. Kitafungua WhatsApp ya karakana, namba ya picha ikiwa imeshaandikwa. Ongeza mambo matatu: jina lako, uliko, na kama unaitaka na fremu ya nje au bila. Mfano:

> *Habari za kazi. Naulizia T-06. Niko Dodoma, naitaka bila fremu. Bado ipo?*

Najibu mwenyewe, jioni baada ya kuosha brashi. Nitakutumia picha zilizopigwa kwenye mwanga wa jua, moja ya mbele, moja ya nyuma penye sahihi, na moja ya karibu uone rangi ilivyokaa. Ukisema unaichukua naishikilia siku 3. Ukitoa theluthi ya bei, inakusubiri mwezi mzima. Malipo ni kwa simu au benki, na risiti utapata.

Bei ya picha moja sipunguzi. Ukichukua mbili au zaidi, tutaelewana.

Za mikoani nasafirisha kwa basi, za nje ya nchi kwa Posta; gharama nakutajia kabla hujalipa. Kanvasi naivua kwenye mbao na kuiviringisha kwenye bomba gumu, upande wa rangi ukiwa nje, kwa sababu rangi ya mafuta ikikunjwa kwa ndani hujikunyata na kupasuka. Ikifika usiiache kwenye bomba. Mpe fundi fremu aivute upya, kisha itundike mbali na jua la moja kwa moja. Vumbi lifute kwa kitambaa laini kikavu. Harufu ya rangi kwenye picha mpya huisha yenyewe ikipata hewa.

Ukinunua, picha ni yako: uiuze, uigawe, uirithishe. Haki ya kuichapa kwenye fulana, kalenda au jalada inabaki kwangu, kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Ukihitaji kuitumia hivyo, andika neno *Matumizi* mwanzoni mwa ujumbe wako tupange bei yake kando.

Unayependa kuona kwa macho, karakana iko wazi Jumanne hadi Jumamosi, saa 4 asubuhi hadi saa 11 jioni. Tuma ujumbe kwanza nikuelekeze njia, na usije na nguo nyeupe.